Karati Sawa, Ukubwa Tofauti: Densiti ya Vito

Mada: Densiti na Kanuni ya Akimedi

Ukimaliza somo hili utaweza:
(a) kubadili karati kuwa gramu na kukokotoa ujazo wa kito;
(b) kueleza kwa nini vito viwili vyenye karati sawa hutofautiana kwa ukubwa;
(c) kupima densiti ya kito kidogo kwa mzani na kikombe cha maji, na kutambua makosa ya kipimo hicho.

1. Tatizo la kuanzia

Mama mmoja wa Mapinga, kando ya barabara ya Bagamoyo, ana tanzanaiti moja ya duara yenye karati 2. Anataka kutengeneza hereni, hivyo anahitaji kito cha pili cha kufanana nacho. Mchuuzi anamletea kito cha buluu na kusema kuwa nacho ni tanzanaiti ya karati 2. Kinawekwa kwenye mzani, na kweli mzani unasoma karati 2.00.

Lakini vito hivyo vikiwekwa pamoja juu ya kitambaa cheupe, cha pili kinaonekana kikubwa zaidi. Kwa rula ya vernia, cha kwanza kina upana wa mm 8.3 na cha pili mm 9.1. Mpwa wake, aliyeko kidato cha pili, anauliza: "Shangazi, kama uzito ni mmoja, mbona hiki kimekizidi kile?" Mchuuzi anajibu kwamba mzani hausemi uongo.

Mchuuzi hakukosea kuhusu mzani. Hata hivyo, swali la mpwa bado halijajibiwa. Somo hili linalijibu, na mwishoni tutajua kama mama huyo anunue kito hicho au akiache.

2. Karati hupima nini?

Karati ni kizio cha tungamo. Karati 1 ni sawa na gramu 0.2, yaani miligramu 200. Kiwango hiki kilikubaliwa kimataifa mwaka 1907. Kabla ya hapo karati ya mji mmoja haikulingana na ya mji mwingine. Kwa hiyo:

tungamo kwa gramu = karati × 0.2

Vito vya mama wa Mapinga vina karati 2 kila kimoja, hivyo kila kimoja kina tungamo la gramu 0.400.

Sokoni watu husema "uzito wa karati 2". Katika fizikia, uzito ni kani na hupimwa kwa nyutoni, kwa hiyo kwenye mtihani andika tungamo. Tena, usichanganye karati hii na karati ya dhahabu. Dhahabu ya karati 18 haina maana ya tungamo: ni dhahabu ambayo sehemu 18 kati ya 24 ni dhahabu halisi. Pete nyepesi na bangili nzito zote zinaweza kuwa za karati 18.

Karati, basi, inaeleza kiasi cha maada kilichomo kwenye kito. Haielezi nafasi ambayo maada hiyo imeichukua. Nafasi hiyo ni ujazo, na kinachounganisha tungamo na ujazo ni densiti.

3. Densiti na ujazo wa karati moja

Densiti ni tungamo la kitu kwa kila kizio cha ujazo wake:

ρ = m ÷ V, kwa hiyo V = m ÷ ρ

Ukiutazama mlinganyo wa pili utaona kwamba m ikiwa ileile, V inapungua kadiri ρ inavyoongezeka. Kito chenye densiti kubwa kimebana maada yake katika nafasi ndogo, kwa hiyo karati moja yake ni ndogo kwa macho. Chenye densiti ndogo kinahitaji nafasi zaidi kufikisha karati hiyohiyo.

Mfano wa 1. Tafuta ujazo wa karati 1 ya yakuti (densiti 4.00 g/sm³) na wa karati 1 ya tanzanaiti (densiti 3.35 g/sm³).

Yakuti: V = 0.2 ÷ 4.00 = sm³ 0.0500 = mm³ 50.0
Tanzanaiti: V = 0.2 ÷ 3.35 = sm³ 0.0597 = mm³ 59.7

Uwiano wa ujazo ni 59.7 ÷ 50.0 = 1.19. Tanzanaiti ya karati moja ina ujazo unaozidi ule wa yakuti kwa asilimia 19.

Tofauti ya densiti inatokana na mambo mawili: atomi za kito zina tungamo kiasi gani, na zimepangwa karibu kiasi gani. Mfano mzuri wa mpangilio uko Mererani, mkoani Manyara, mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti. Katika miamba hiyohiyo mna grafaiti, ambayo ni kaboni tupu na densiti yake ni kama 2.2 g/sm³. Almasi, ambayo nchini mwetu huchimbwa Mwadui, Shinyanga, nayo ni kaboni tupu, lakini densiti yake ni 3.52 g/sm³. Atomi ni zilezile. Katika almasi zimekaribiana zaidi.

Rangi peke yake haibadilishi densiti kwa kiasi cha kuonekana. Yakuti nyekundu ya Winza, Dodoma, na safaya ya buluu ya Umba, Tanga, ni madini ya aina moja yaitwayo korundi. Zote zina densiti ya takriban 4.00 g/sm³, kwa hiyo karati moja ya hii ina ujazo sawa na karati moja ya ile.

4. Kutoka ujazo hadi upana: hapa wengi hukosea

Mwanafunzi anayeona ujazo umezidi kwa asilimia 19 huharakisha kusema kwamba na upana umezidi kwa asilimia 19. Hilo ni kosa. Ujazo hutokana na vipimo vitatu vikizidishwa: urefu, upana na kina. Vito viwili vikiwa na umbo linalofanana kabisa, ujazo wao hulingana na upana uliopandishwa kipeo cha tatu. Kwa hiyo uwiano wa upana ni kipeuo cha tatu cha uwiano wa ujazo.

Kwa tanzanaiti na yakuti za Mfano wa 1, kipeuo cha tatu cha 1.19 ni 1.06. Tanzanaiti imezidi kwa upana asilimia 6 tu. Eneo la uso unaotazamwa ni 1.06 × 1.06, yaani limezidi kwa kama asilimia 12. Jicho huliona eneo hilo kwanza, ndiyo maana tofauti ya upana isiyofika nusu milimita hujulikana vito vikiwekwa pamoja.

Jedwali lifuatalo linaonyesha karati 1 ya vito mbalimbali. Tumeanza na almasi ya duara ambayo, ikichongwa kwa kawaida, huwa na upana wa karibu mm 6.5. Upana wa vito vingine umekokotolewa kwa kudhani vimechongwa kwa umbo lilelile.

| Kito | Densiti (g/sm³) | Ujazo wa karati 1 (mm³) | Upana (mm) |
|---|---|---|---|
| Amethisti (kwatzi) | 2.65 | 75.5 | 7.1 |
| Tanzanaiti | 3.35 | 59.7 | 6.6 |
| Almasi | 3.52 | 56.8 | 6.5 |
| Spineli | 3.60 | 55.6 | 6.5 |
| Yakuti | 4.00 | 50.0 | 6.2 |
| Zirkoni | 4.65 | 43.0 | 5.9 |

Soma jedwali kutoka juu kwenda chini: densiti inapanda, ujazo na upana vinashuka. Angalia pia almasi na spineli. Densiti zao zimekaribiana kiasi kwamba upana wake, ukikadiriwa hadi nafasi moja ya desimali, ni sawa. Rula haiwezi kuvitenganisha.

5. Densiti siyo sababu pekee: mchongo

Maneno "umbo lilelile" katika sehemu iliyopita yana uzito mkubwa. Fundi anaweza kukichonga kito kiwe na kina kirefu, yaani kiwe na tumbo upande wa chini. Tungamo hilo la tumboni linahesabiwa kwenye karati na linalipiwa, lakini ukikitazama kito kwa juu hulioni.

Mfano wa 2. Tanzanaiti ya karati 2 ina upana wa mm 8.3. Nyingine ya karati 2 imechongwa ikiwa na uwiano wa kina uliozidi: kina chake kimezidi cha ile ya kwanza kwa asilimia 20. Upana wake ni kiasi gani?

Madini ni yaleyale na tungamo ni lilelile, kwa hiyo ujazo ni uleule. Kina kikizidishwa kwa 1.2, eneo la uso lazima ligawanywe kwa 1.2. Upana unagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 1.2, ambacho ni 1.095.

Upana = 8.3 ÷ 1.095 = mm 7.6

Upana umepungua kwa karibu asilimia 9 bila densiti kubadilika hata kidogo. Kwa sababu hiyo, mama wa Mapinga hawezi kumshutumu mchuuzi kwa kutazama tu. Huenda kito cha pili ni tanzanaiti halali iliyochongwa bapa. Huenda pia ni kitu kingine chenye densiti ndogo. Macho hayawezi kutenganisha sababu hizi mbili, lakini maji yanaweza, kwa kuwa maji hupima ujazo bila kujali umbo.

6. Jaribio: kupima densiti ya kito kidogo

Silinda ya kupimia haifai hapa. Kito cha karati 2 kina ujazo wa karibu sm³ 0.12, na mistari ya silinda ya shule mara nyingi hutofautiana kwa sm³ 1. Tunatumia mzani wa kielektroniki na Kanuni ya Akimedi.

Vifaa: mzani unaosoma hadi g 0.001 (kama ule wa sonara), kikombe chepesi cha plastiki, maji safi yasiyo ya chumvi, uzi mwembamba sana, kibano.

Hatua:

1. Pima kito kikavu na uandike tungamo lake, m.
2. Weka kikombe chenye maji juu ya mzani. Hakikisha jumla haizidi kiwango cha juu cha mzani. Bonyeza kitufe cha kurudisha usomaji kwenye sifuri.
3. Funga kito kwa uzi na ukishushe majini hadi kizame chote. Kisiguse chini wala pembeni mwa kikombe. Ni vizuri uzi ufungwe kwenye kijiti kilichoegemezwa nje ya mzani ili mkono usitikisike.
4. Soma mzani. Usomaji huu ni tungamo la maji yaliyosukumwa na kito, tuuite w.

Kwa nini mzani upande wakati kito kimeshikwa na uzi? Maji yanakisukuma kito kuelekea juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji yaliyohamishwa. Kwa Kanuni ya Tatu ya Nyutoni, kito nacho kinayasukuma maji kuelekea chini kwa kani iyo hiyo, na mzani unaisoma. Densiti ya maji safi ni takriban 1.00 g/sm³, hivyo w kwa gramu ni sawa na ujazo wa kito kwa sm³. Basi:

ρ = m ÷ w

Mfano wa 3. Vito vya mama wa Mapinga vilipimwa hivi:

Kito cha kwanza: m = g 0.400, w = g 0.119
ρ = 0.400 ÷ 0.119 = 3.36 g/sm³

Kito cha pili: m = g 0.400, w = g 0.155
ρ = 0.400 ÷ 0.155 = 2.58 g/sm³

Densiti ya kito cha kwanza inakubaliana na ya tanzanaiti. Ya kito cha pili iko mbali nayo, hivyo kito hicho si tanzanaiti. Je, upana nao unakubaliana? Uwiano wa ujazo ni 0.155 ÷ 0.119 = 1.30, na kipeuo chake cha tatu ni 1.09. Tukizidisha, 8.3 × 1.09 = mm 9.0, karibu sawa na mm 9.1 iliyopimwa. Maumbo yanafanana, tofauti ya ukubwa imeletwa na densiti, siyo mchongo.

Zingatia mpaka wa jibu letu. Tumethibitisha kito cha pili si nini. Hatujathibitisha ni nini. Vioo vingine vina densiti karibu na 2.5 g/sm³, na kuna kito cha buluu kiitwacho aiolaiti chenye densiti ya karibu 2.6 g/sm³. Hali kadhalika, densiti ya 3.36 inakubaliana na tanzanaiti lakini haitoshi peke yake, kwa kuwa madini mengine yanaweza kuangukia hapo. Mtaalamu wa vito hupima pia jinsi kito kinavyopinda mwanga kabla ya kukipa jina. Kwa mama wa Mapinga, hata hivyo, jibu la "siyo" linatosha: hapaswi kulipa bei ya tanzanaiti.

7. Makosa yanayoharibu kipimo

Kutumia maji ya bahari. Anayeishi Mapinga yuko karibu na ufukwe na anaweza kuchota maji ya bahari akidhani maji ni maji. Densiti ya maji hayo ni kama 1.023 g/sm³, kwa hiyo w inasomeka kubwa kuliko ujazo halisi, na densiti inatoka ndogo. Kwa tanzanaiti yetu, w ingesomeka g 0.122 na jibu lingekuwa 0.400 ÷ 0.122 = 3.28 g/sm³. Ili kusahihisha, zidisha kwa densiti ya kimiminika: 3.28 × 1.023 = 3.36 g/sm³. Fomula kamili ni:

ρ = (m ÷ w) × densiti ya kimiminika

Viputo vya hewa. Kiputo kilichonata kwenye kito huhamisha maji ya ziada. Hapa pia w huwa kubwa na densiti hutoka ndogo. Lowesha kito kwanza kwa maji yenye tone la sabuni, kisha kitazame vizuri kikiwa majini.

Kito kugusa chini ya kikombe. Sehemu ya uzito wa kito hubebwa na kikombe, na usomaji hupanda sana. Ukiona w inaikaribia m, jua kito kimegota.

Kupima kito kikiwa kwenye pete. Dhahabu au fedha ya pete ina densiti yake. Utapata densiti ya mchanganyiko, isiyo ya kito wala ya pete.

Mzani usio makini. Mzani wa g 0.01 ungesoma w ya kito cha kwanza kuwa g 0.12. Thamani halisi ikiwa kati ya 0.11 na 0.13, densiti ingekuwa popote kati ya 3.1 na 3.6 g/sm³. Mzani huo unatosha kukikataa kito cha pili, lakini hauwezi kutenganisha tanzanaiti na spineli. Kadiri kito kinavyokuwa kidogo, ndivyo mzani unavyotakiwa kuwa makini zaidi.

8. Muhtasari

Karati ni tungamo, na karati 1 ni gramu 0.2. Kwa karati sawa, ujazo huwa mdogo densiti ikiwa kubwa. Upana hufuata kipeuo cha tatu cha ujazo, hivyo tofauti ya upana ni ndogo kuliko ya ujazo. Mchongo nao hubadili upana, kwa hiyo ukubwa wa kutazama hautambulishi kito. Densiti iliyopimwa majini husaidia. Na anayetafuta jozi ya hereni alinganishe kwanza milimita, kisha karati.

9. Maswali ya kujipima

1. Yakuti ina karati 5. Tafuta tungamo lake kwa gramu na ujazo wake kwa sm³.

2. Kito chenye tungamo la g 0.900 kilizamishwa katika maji safi kwa njia ya kikombe, na mzani ukasoma g 0.250. (a) Kina karati ngapi? (b) Densiti yake ni ngapi? (c) Inalingana na kito kipi katika jedwali?

3. Tanzanaiti ya duara ya karati 1 ina upana wa mm 6.6. Nyingine yenye umbo lilelile ina karati 8. Tafuta upana wake.

4. Mwanafunzi alipima kito chekundu kwa maji ya bahari ya Mapinga (densiti 1.023 g/sm³). Alipata m = g 0.720 na w = g 0.205. Akasema densiti yake inalingana na ya almasi. Onyesha kosa lake na utoe jibu sahihi.

5. Kito cha densiti 4.00 g/sm³ na tungamo la g 0.400 kilipimwa kikiwa na kiputo, na w ikasomeka g 0.108. (a) Mwanafunzi alipata densiti gani? (b) w sahihi ilikuwa ngapi?

Majibu

1. m = 5 × 0.2 = g 1.0; V = 1.0 ÷ 4.00 = sm³ 0.25.

2. (a) 0.900 ÷ 0.2 = karati 4.5. (b) 0.900 ÷ 0.250 = 3.60 g/sm³. (c) Spineli.

3. Uwiano wa ujazo ni 8, na kipeuo chake cha tatu ni 2. Upana = 6.6 × 2 = mm 13.2. (Ukiandika mm 52.8, rudia sehemu ya 4.)

4. Alitumia ρ = 0.720 ÷ 0.205 = 3.51 g/sm³, akisahau densiti ya maji ya bahari. Sahihi: 3.51 × 1.023 = 3.59 g/sm³, inayolingana na spineli.

5. (a) 0.400 ÷ 0.108 = 3.70 g/sm³. (b) w = 0.400 ÷ 4.00 = g 0.100.